Alfajiri, usiku au na chai: kuchagua saa ya kumeza levothairoksini

Kwenye bahasha ya dawa huandikwa "1×1". Mgonjwa anaikunja, anaitia kwenye pochi, anakwenda zake. Kidonge kimoja, kutwa mara moja. Kwa levothairoksini maandishi hayo yameacha jambo kubwa nje, nalo ni hali ya tumbo pale kidonge kinaposhuka.

Nipo kwenye duka la dawa Tanga, mwaka wa 12 sasa. Wateja wa dawa hii si wengi kama wa presha na sukari, ila ukishawapata unao miaka yote, kwa sababu wengi wao wataimeza maisha. Tezi yao ya thairoidi, ile iliyolala mbele ya koo, imechoka au imeondolewa kwa upasuaji, na mwili unahitaji homoni yake kila siku. Ikipungua, mtu anachoka bila kazi, anahisi baridi wenzake wakijipepea, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, mwanamke anatokwa na hedhi nzito. Kidonge kinarudisha homoni hiyohiyo ambayo tezi ingeitoa.

Wateja hawa wanaimeza kwa njia tatu: alfajiri kabla ya kifungua kinywa, usiku wakati wa kulala, au pamoja na chai ya asubuhi. Daktari huelekeza ile ya kwanza, na wachache wanaijua ya pili. Ya tatu ndiyo inayofanyika katika nyumba nyingi, kimyakimya.

| Njia | Inakudai nini | Huharibikia wapi |
|---|---|---|
| Alfajiri | Maji matupu, kisha kusubiri saa nzima, au angalau nusu saa | Haraka ya kwenda kazini, chai ya maziwa, kahawa |
| Usiku | Saa 3 au zaidi tangu mlo wa mwisho | Kula usiku sana, vitafunio, kusinzia kabla ya kumeza |
| Na chai | Mlo uleule kila siku | Karibu kila mahali |

Tumbo tupu lina kazi gani

Kidonge hakinyonywi tumboni. Tumbo linakiyeyusha kwa asidi yake, kisha homoni inanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Hata mambo yakienda sawa, mwili hauchukui chote: kwa mtu aliyefunga hupita kama asilimia 60 hadi 80. Kinachobaki kinatoka na choo.

Sasa weka chakula juu yake. Kalsiamu iliyomo kwenye maziwa inaishika ile homoni na kuizuia isipite. Madini ya chuma hufanya vivyo hivyo, na soya pia inapunguza unyonyaji. Hapa kwetu soya haionekani kama soya: imo ndani ya unga wa lishe, na mtu anakuapia kwamba asubuhi amekunywa uji tu. Kahawa nayo inapunguza hata ikiwa haina tone la maziwa, kwa hiyo kusema "kahawa si chakula" hakukusaidii.

Maji matupu, glasi moja, basi.

Yapo na mambo ya asidi. Anayemeza omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo amepunguza asidi inayokiyeyusha kidonge, na mara nyingine atahitaji dozi kubwa zaidi hata akifuata saa vizuri. Hilo halirekebishiki kwa kubadilisha saa. Ni la daktari kupima na kuamua. Lakini vile vidonge vya kiungulia vya kutafuna, vyenye magnesiamu au aluminiamu, vinaweza kusogezwa: viache mbali na levothairoksini kwa saa 4. Muda huohuo unahusu vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu.

Kwa nini iwe saa ileile

Hapa watu huelewa vibaya, na nadhani kosa ni letu tunaogawa dawa. Tunasema "usikose hata dakika", mgonjwa anaogopa, siku akichelewa saa mbili anadhani ameharibu kila kitu. Haiko hivyo. Homoni hii hukaa mwilini muda mrefu sana: huchukua takriban siku 7 kupungua kwa nusu. Ukikosa kidonge cha siku moja, akiba yako inashuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Wengi hawatahisi kitu.

Kinachoumiza ni mchanganyiko. Tuseme unameza kidonge cha mikrogramu 100, na ukiwa na tumbo tupu mwili unachukua 75. Siku unayomeza na chai ya maziwa na chapati, tuseme unachukua 50. Ukimeza vizuri siku 4 za wiki na vibaya siku 3, wastani wako ni kama 64 kwa siku badala ya 75. Ni sawa na mtu aliyekupunguzia kidonge kutoka 100 hadi 86 bila kukuambia. Namba hizo za chakula nimeziweka kwa mfano tu, kila mwili una zake, lakini hesabu inakwenda hivyo.

Na kwa sababu akiba inashuka polepole, hutajua leo wala kesho. Utajua baada ya wiki kadhaa, kwa uchovu unaorudi au kwa kipimo cha TSH. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, kazi yake kuiamuru thairoidi itoe mzigo zaidi. Homoni ya thairoidi ikipungua kidogo, TSH inapanda kwa kishindo. Ndiyo maana hupimwa hiyo. Kwa mtu mzima maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa ni kawaida, na hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi au utaratibu ubadilike, kwa kuwa kabla ya hapo haijatulia.

Kwa hiyo saa ya ukutani yenyewe haina uchawi. Kinachotakiwa ni kidonge kukuta hali ileile kila siku, ili dozi aliyoichagua daktari iwe ndiyo dozi unayoipata.

Alfajiri

Hii ndiyo njia yenye ushahidi mwingi, na kwa mtu anayeamka mapema haina shida. Anayeamka saa 11 kwa sala ya alfajiri au kuwahi daladala, anameza kidonge na maji, anaendelea na shughuli zake, saa 12 anakaa kwenye chai. Shirika la Tezi ya Thairoidi la Marekani, katika mwongozo wake wa 2014, linasema dakika 60 kabla ya kifungua kinywa. Maelekezo mengi ya kwenye boksi yanakubali nusu saa. Mimi huwaambia wateja wachukue saa nzima wanapoweza, na wanaposhindwa wasishuke chini ya nusu saa. Lakini wachague moja waishike, wasiende leo 60 kesho 20.

Ubaya wake ni kwamba asubuhi ya mtu mwenye watoto wa shule si mali yake. Mtu anaamka amechelewa, anakumbuka kidonge akiwa na kikombe mkononi. Na dawa nyingine nazo zimepangwa asubuhi: ya presha, ya kuongeza damu, omeprazoli. Mgonjwa anazikusanya kiganjani na kuzitupa mdomoni kwa mkupuo. Nyingi za presha hazina ugomvi na levothairoksini. Ya kuongeza damu inao.

Usiku

Watu wengi wakisikia unaweza kumeza usiku wanashtuka, kana kwamba ni kuvunja sheria. Mwongozo uleule wa 2014 unairuhusu: wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa jioni. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watu 90 waliomeza kwa zamu, miezi 3 asubuhi na miezi 3 usiku, wakipewa vidonge bandia kwa ile saa nyingine ili wasijue. Usiku TSH ilishuka zaidi, maana yake dawa iliingia vizuri zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba usiku utumbo unatembea polepole, kwa hiyo kidonge kinakaa na ukuta wa utumbo kwa muda, na hakuna chai inayokifuata nyuma.

Ila usikimbilie kusema usiku umeshinda. Mwaka mmoja kabla, Marekani, utafiti wa watu 65 ulilinganisha njia zote tatu. Waliomeza alfajiri wakiwa na njaa walikuwa na TSH ya wastani karibu 1, waliomeza usiku karibu 2.2, waliomeza na kifungua kinywa karibu 2.9. Hapo alfajiri imeongoza. Tafiti mbili, majibu mawili. Nadhani tofauti kubwa iko kwenye mlo wa jioni: anayekula saa 12 na kulala saa 4 usiku ana tumbo tupu kweli, anayekula saa 3 na kulala saa 4 anameza kidonge juu ya wali.

Huo ndio mtihani wa kwetu. Nyumba nyingi za mjini chakula cha usiku hakiivi kabla ya saa 2. Ukila saa 2 na nusu, kidonge ni saa 5 na nusu. Kama wewe saa 4 umeshalala, njia hii si yako, hata uambiwe nini. Lakini muuguzi wa zamu, bibi aliyezoea kula mapema, au mtu ambaye asubuhi amebanwa na vidonge vya kuongeza damu, kwa hao mimi huona usiku ni bora.

Wengine huogopa kwamba itawakosesha usingizi. Kwa kuwa akiba mwilini ni ya siku nyingi, kidonge cha leo hakikuamshi kama kahawa. Ukianza kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, fikiria dozi imezidi, nenda ukapime.

Pamoja na chai

Ile namba ya 2.9 bado iko ndani ya kawaida, na mtu anaweza kuniuliza ubaya uko wapi. Ubaya ni kwamba katika utafiti huohuo TSH zao ziliyumba zaidi. Daktari anaweza kukuongezea dozi ili kufidia chakula, na kwa mtu ambaye hawezi kabisa njia nyingine hilo hufanyika, hasa mzee anayelishwa na mtu aliyekuja kwa saa maalumu. Lakini lazima chai ibaki ileile. Chai ya rangi na mhogo Jumatatu, chai ya maziwa na chapati Jumanne, Jumatano uji wa lishe: dozi gani itafidia hayo?

Wengi wanaofanya hivi hawakuchagua. Wamefundishwa tangu utotoni kwamba dawa humezwa baada ya chakula, usije ukachomwa tumbo. Kwa baadhi ya dawa za maumivu ni kweli. Levothairoksini haichomi tumbo.

Mwalimu na kidonge cha 150

Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na cheti cha mikrogramu 150. Tezi yake yote ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya rovu. Nikatazama daftari letu: alianza na 100, ikapanda 125, sasa 150. Ana kilo 64.

Mtu mzima ambaye hana tezi kabisa kwa kawaida huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Kilo 64 mara 1.6 ni 102. Kwa nini mtu wa 100 amefika 150? Mwili unaweza kuwa na sababu zake, lakini jambo la kwanza kuuliza ni kidonge kinamezwaje.

"Mwalimu, dawa hii unaimeza saa ngapi?"

"Asubuhi, kama nilivyoambiwa."

"Asubuhi ipi? Kabla ya chai au baada?"

Akacheka. "Asubuhi mimi sili, kaka. Nameza shuleni saa 4, wakati wa mapumziko. Nakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, halafu dawa zangu. Na ile ya kuongeza damu, maana hedhi yangu ni nzito."

Yote yalikuwa hapo: maziwa, ngano, chuma, mkupuo mmoja. Na Jumamosi na Jumapili, alipokuwa nyumbani, alimeza akiamka kwa sababu kidonge kiko karibu na kitanda. Siku 5 vibaya, siku 2 vizuri. Hedhi nzito yenyewe inaweza kuwa ilitokana na upungufu wa homoni, kisha ikaleta kidonge cha damu, nacho kikazuia homoni.

Tukalinganisha. Alfajiri anaamka saa 11 na nusu, anatoka saa 12 na nusu, hanywi chai hadi saa 4. Kwake alfajiri ilikuwa imejitengeneza yenyewe: kidonge kitandani na maji. Kidonge cha damu nilikihamishia mchana, baada ya chakula cha shule, zaidi ya saa 4 baadaye. Usiku hatukuuhitaji.

Kosa langu lilikuwa baada ya hapo. Nilimwambia saa, sikumsisitizia arudi kwa daktari mapema na kumweleza kwamba utaratibu umebadilika. Akaendelea na 150, sasa akizipata zote. Wiki 7 baadaye alirudi dukani mikono inatetemeka, hapati usingizi, moyo anausikia masikioni. Alikuwa amepungua uzito na kufurahia. TSH ilikuwa 0.08. Homoni ikizidi kwa muda mrefu moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio na mifupa ikadhoofika, hasa kwa wenye umri mkubwa. Daktari alimrudisha 100, na kipimo cha miezi miwili baadaye kilikuwa 2.1. Alianzia 100, akaishia 100.

Tangu hapo, mtu yeyote anayehama kutoka kumeza na chakula kwenda tumbo tupu namwandikia kwenye bahasha tarehe ya kupima TSH, wiki 6 mbele, na namtuma kwa daktari wake kwanza, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Dozi haiguswi na mimi wala na yeye mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani

Hapa ulinganisho unageuka, maana alfajiri na usiku vyote vimehama. Kumeza wakati wa kufuturu kunavutia: tumbo ni tupu kuliko siku zote. Lakini baada ya kidonge utasubiri nusu saa hadi saa nzima ukitazama tende na uji, na sijaona wengi wanaodumu siku 30. Wanameza na tende, na baada ya dakika tano sambusa imefuata.

Njia ya pili ni kabla ya daku. Weka saa ikuamshe dakika 45 kabla ya kula, meza na maji, jinyooshe tena. Inakwenda vizuri kwa aliyezoea kuamka. Ya tatu ni usiku baada ya tarawehe: futuru saa 12 na nusu hadi saa 1, kidonge saa 4 au 5 usiku, kwa sharti kwamba katikati hukula. Kwa Tanga na Mombasa sharti hilo ndilo gumu, kwa sababu baada ya tarawehe ndipo watu huketi tena.

Kwa mwenye nidhamu ya kutokula baada ya futuru ningechagua usiku, kwa wengine kabla ya daku. Ukibadilisha kwa ajili ya mwezi, jipe wiki 6 baada ya Idi kabla ya kupima, isipokuwa una dalili. Mjamzito ni habari nyingine kabisa: mara nyingi dozi yake huhitaji kupanda mapema katika mimba, na anapewa vidonge vya chuma kliniki. Huyo amwone daktari mara tu anapojua ana mimba, iwe Ramadhani au isiwe.

Ukisahau, na siku ya kipimo

Uliyezoea alfajiri ukasahau, meza siku hiyohiyo tumbo likiwa tupu tena, hata ikiwa ni usiku wakati wa kulala. Kesho rudi kwenye saa yako. Ukikosa siku nzima, wapo madaktari wanaoruhusu kufidia siku inayofuata kwa sababu homoni inakaa mwilini muda mrefu, na karatasi nyingi za kwenye boksi zinasema usimeze viwili. Muulize wako mapema, kabla hujasahau.

Vidonge viache kwenye pakiti yake, mahali pakavu pasipo na jua. Maboksi mengi yanasema visizidi nyuzi 25, na dashibodi ya gari hapa Tanga huizidi namba hiyo kabla ya saa 3 asubuhi.

Asubuhi ya kutoa damu, kama unamezea alfajiri, toa damu kwanza ndipo umeze. TSH haitabadilika kwa kidonge kimoja, ila kipimo cha homoni yenyewe, T4, hupanda kwa saa chache baada ya kumeza na kinaweza kumfanya daktari adhani una nyingi kuliko ulizo nazo. Anayemeza usiku haguswi sana na hilo. Na kama unakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla na umwambie mtu wa maabara, kwa sababu biotini haiigusi homoni mwilini, inavuruga mashine inayoisoma.